Tempo ni 104, kanyagio la tremolo lina Hz tu: mbona linaniacha njiani?

Mkinanda_wa_Langoni · Jumatatu, saa 3 usiku

Salaam aleikum wana ukumbi. Kuna jambo limenikaa kichwani tangu Ijumaa. Napiga kinanda cha umeme (si kibangala cha nyuzi, wazee msinirukie) kwenye kikundi chetu cha harusi hapa Amu. Tuna chakacha moja ya kufungulia shughuli, tempo yake 104. Mpiga dumbaki ana metronomu ya simu sikioni, sisi wengine tunamfuata yeye.

Sasa nimenunua kanyagio la tremolo, lile linaloipandisha na kuishusha sauti lenyewe kama mtu anafungua na kufunga mlango. Nataka sauti ipande mara moja kwa kila mpigo. Kioo chake hakionyeshi BPM, kinaonyesha Hz tu, na desimali ni moja. Nikapiga hesabu: 104 kugawa kwa 60 ni 1.7333. Nikaweka 1.7. Tukianza, inakaa pamoja na ngoma vizuri kabisa. Hata nusu dakika haijafika, sauti inashuka pale pale inapotakiwa kupanda, na dumbaki ananikodolea macho kama nimelewa. Halafu inarudi sawa yenyewe! Kisha inapotea tena.

Kinachonishangaza, kifaa changu cha mwangwi nacho nimekiweka kwa hesabu, milisekunde 577, na hakijaniaibisha hata siku moja. Tempo ni ile ile. Nimekosea wapi?

Nahodha_Matondoni · Jumatatu, saa 3 na robo usiku

Hezi ni mambo ya umeme yakhe. Jenereta langu la botini linaonyesha 52. Hilo lako likionyesha 1.7 limekufa, rudisha dukani kabla hawajafunga.

Mkinanda_wa_Langoni · Jumatatu, saa 3 na dakika 20 usiku

Nahodha, hili si jenereta, ni kanyagio la muziki 😂

Dogo_Barani · Jumatatu, saa 3 na nusu usiku

Mimi niko kidato cha tatu Malindi, fizikia ndiyo somo langu. Hezi si za umeme peke yake, ni mara ngapi kitu kinajirudia kwa sekunde moja, kitu chochote. BPM ni mara ngapi kwa dakika. Kwa hiyo:

```
Hz  = BPM / 60
BPM = Hz * 60
ms  = 60000 / BPM
```

Kaka, tatizo lako ni desimali. Ungeweka 1.733 usingepotea. Mwangwi haupotei kwa sababu milisekunde zina usahihi zaidi: 60000 kugawa kwa 104 ni 576.92, wewe umeweka 577, tofauti ni ndogo sana.

Waya_Uchi · Jumatatu, saa 4 na dakika 10 usiku

Dogo, umepatia nusu. Fomula ni hizo na hazina siri. Twende moja moja.

Kioo kimekukatia 1.7333 ikawa 1.7. Igeuze hiyo 1.7 irudi kuwa mapigo: mara 60 ni 102. Yaani dumbaki anakwenda 104, kanyagio lako linakwenda 102. Mmeachana mapigo mawili kwa dakika, basi kila sekunde 30 unakuwa nyuma kwa mpigo mzima. Ukiwa nyuma mpigo mzima, masikio hayajui, yanasikia mko pamoja tena. Ukiwa nyuma nusu mpigo, sekunde ya 15, ndipo kilele chako kinapoangukia bondeni. Kaa na saa usikilize. Kama aibu inakuja sekunde ya 15, inaondoka ya 30, inarudi ya 45, basi ugonjwa ni huo na hakuna kingine.

Ile ya mwangwi ndipo Dogo alipoteleza. Mwangwi ungeuweka hata 580, usingepotea. Kwa nini? Kwa sababu mwangwi unaanza upya kila unapobonyeza kitufe cha kinanda. Unasubiri muda wake, unaitika, kwisha. Ukikosea milisekunde tatu, kila mwitiko unachelewa tatu zile zile, hauchelewi tatu, kisha sita, kisha tisa. Tremolo haikusikilizi. Ina saa yake ndani, inazunguka tu upige usipige, na kosa la kila mzunguko linawekwa juu ya kosa la mzunguko uliopita. Hapo ndipo desimali moja inapokuua.

Dogo_Barani · Jumatatu, saa 4 na robo usiku

Ah. Kwa hiyo kosa dogo linalojilimbikiza ni baya kuliko kosa kubwa linaloanza upya. Nimekubali mwalimu.

Bi_Zamu · Jumanne, saa 12 asubuhi

Natoka zamu ya usiku, Malindi, nimesoma nikicheka. Hiyo desimali moja yenu sisi wauguzi tunaijua kwa jina jingine. Mtu mvivu anashika mkono wa mgonjwa, anahesabu mapigo kwa sekunde 10, anazidisha kwa 6. Majibu yake hayawezi kuwa chochote ila 66, 72, 78, 84. Katikati hapana kitu. Moyo ukiwa 75 yeye ataandika 72 au 78 na ataapa ni sahihi. Gawanya hiyo ngazi ya 6 kwa 60, ni 0.1 hasa. Kanyagio lako ni muuguzi mvivu.

Na kuna kosa la pili ambalo wanafunzi wote wanaanza nalo. Wanawasha saa pale pale mpigo unapogonga, na mpigo huo huo wanauita "moja". Huo ni sifuri! Mpigo wa kwanza unafungua mlango, wa pili ndio unaokamilisha nafasi moja. Mgonjwa wa 72 ana nafasi 12 ndani ya sekunde 10. Ukianza na "moja" unafika 13, unaandika 78. Nimewahi kumsimamisha mtu mbele ya kitanda mara tatu kwa kosa hili, na mgonjwa mwenyewe akawa ndiye anayemsaidia kuhesabu.

Mkinanda, hiyo 104 mliipataje? Kama mliigonga kwa kidole kwenye simu ni sawa, simu inajua kuhesabu nafasi. Kama mlihesabu kwa saa, kahakikisheni.

Mkinanda_wa_Langoni · Jumanne, saa 2 asubuhi

Bi Zamu, tulirithi kwa mwalimu wetu aliyetufundisha. Tangu zamani wimbo huo ni 104.

Mwalimu_Fidla · Jumanne, saa 4 asubuhi

Mwanangu, najua kwa nini ni 104 na wala si 103 wala 105. Metronomu za zamani, zile za mbao zenye kijiti kinachoyumba na uzito unaosogezwa juu na chini, hazina namba zote. Kijiti changu kimechongwa 96, 100, 104, 108, kisha 112. Ukifika 120 zinaanza kuruka sita sita: 126, 132, 138. Mwisho wa chini ni 40, wa juu 208. Mtu akisikia wimbo uko baina ya 100 na 108, uzito ataukaza kwenye 104. Hakuna aliyeupima wimbo wenu kwa hezi, wallahi.

Kwenye 60 kijiti kinagonga mara moja kwa sekunde, ndiyo hezi moja. Lakini tazameni kwa makini: katika hezi moja hiyo kijiti kimetoka kushoto kwenda kulia tu. Kwenda na kurudi kunachukua sekunde mbili. Kijiti chenyewe, kama mtu wa fizikia angekipima, kinayumba kwa nusu hezi. Niliwahi kubishana na mwalimu mmoja wa sayansi jioni nzima barazani. Yeye akisema metronomu ya 60 ni nusu hezi, mimi nikisema ni hezi moja. Tulikuwa sote tuna haki, yeye anatazama kijiti, mimi nasikiliza mlio.

Dogo_Barani · Jumanne, saa 7 mchana

Samahani nadandia uzi. Mwalimu umenigusa kwenye mradi wangu wa mashindano ya sayansi ya shule. Nimechukua maikrofoni ndogo, nikaifunga kwenye kengele ya stethoskopu ya mjomba, nikarekodi moyo wangu kwa simu. Nikahesabu vilele kwenye rekodi: 24 kwa sekunde 10, ni 2.4 Hz, nikazidisha kwa 60 nikapata 144. Nilikuwa nimekaa tu! Mkononi nikishika napata 72. Nimerudia mara tano. Nimeanza kuogopa.

Bi_Zamu · Jumanne, saa 7 na dakika 25 mchana

Usiogope mwanangu, 144 ni 72 mara mbili, hiyo peke yake ni dalili. Moyo una sauti mbili kwa kila pigo. Vali za kwanza zikifunga unasikia "dup", za pili zikifunga unasikia "tap", kisha kimya, halafu dup-tap nyingine. Umehesabu milango yote miwili ukadhani ni watu wawili.

Angalia rekodi yako. Vilele haviko mbali sawasawa: kimoja na jirani yake viko karibu, kisha pengo refu, kisha tena viwili vya karibu. Ukiona mpangilio huo wa fupi-refu, fupi-refu, chukua kilele cha kwanza cha kila jozi peke yake. Utabaki na 12. Na usiache kushika mkono, kidole ndicho shahidi wako.

Nyongeza moja: hata ukipata hezi 1.2 sahihi, ni wastani tu. Moyo wenye afya unaharakisha kidogo ukivuta pumzi na kupoa ukiitoa. Na mapigo yakiwa hayana mpangilio hatuzidishi kwa 6 wala kwa 4, tunahesabu dakika nzima, sekunde 60 kamili.

Waya_Uchi · Jumanne, saa 2 usiku

Bi Zamu amenitangulia, maana nilitaka kumuuliza Mkinanda jambo lile lile. Kugawa kwa 60 hakumshindi mtu. Kinachomshinda ni kujua anahesabu nini.

Mkinanda, hiyo 104 ni ya nani? Ya mguu unaokanyaga chini, au ya ngoma ya chapuo?

Mkinanda_wa_Langoni · Jumanne, saa 2 na robo usiku

Ya mguu. Ngoma ya vumi inagonga na mguu. Chapuo linapita katikati, tatu kwa kila mguu, ndiyo chakacha hiyo.

Waya_Uchi · Jumanne, saa 2 na dakika 40 usiku

Basi umepona. Achana na mguu, funga tremolo na chapuo. 104 mara 3 ni 312 kwa dakika. 312 kugawa kwa 60 ni 5.2. Kamili, hakuna mkia, na kioo chako kinaikubali.

Si bahati ya 104 tu. Ukipiga tatu kwa mguu, mara 3 kugawa kwa 60 ni sawa na kugawa kwa 20 moja kwa moja. Tempo yoyote isiyo witiri inaingia kwenye desimali moja: 96 ni 4.8, 110 ni 5.5. Lakini ukitaka kubaki moja kwa mguu, ni tempo zinazogawanyika kwa 6 tu zinazokaa: 96, 102, 108. Ndiyo zile namba za muuguzi mvivu. Mbili kwa mguu haikusaidii, 104 mara 2 kugawa kwa 60 ni 3.4667, umerudi kule kule.

Na masikio yako yatapenda. Tremolo ya 1.7 ni ya polepole mno kwa chakacha, inasikika kama mtu anacheza na kitufe cha sauti.

Nahodha_Matondoni · Jumanne, saa 3 usiku

Haya sasa nimeanza kuelewa kumbe mnaongea lugha yangu. Jenereta 52 mara 60 ni 3120. Lakini fundi alipoleta kipimo cha mzunguko wa injini akasema inazunguka 1560. Nikamwona mwongo. Nani anadanganya?

Waya_Uchi · Jumanne, saa 3 na dakika 5 usiku

Hakuna. Jenereta lako lina ncha nne za sumaku, kila injini ikizunguka mara moja umeme unapiga mawimbi mawili. Lile la ncha mbili ndilo lingezunguka 3120. Ni dup-tap ya Bi Zamu hiyo. Na 52 bila mzigo ni kawaida, ukiwasha friji na pampu itateremka kuelekea 50.

Nahodha_Matondoni · Jumanne, saa 3 na dakika 7 usiku

Kumbe nilimtukana fundi bure.

Mkinanda_wa_Langoni · Alhamisi, saa 5 usiku

Nimerudi na ripoti. 5.2 imefanya kazi, shukrani Waya. Ile ya kupotea kila nusu dakika haipo. Lakini (lazima kuwe na lakini) tulipofanya mazoezi kwa muda mrefu nikahisi kitu kinateleza polepole. Karibu dakika nzima kinahama, kisha kinarudi. Hesabu ni kamili, kioo kinasema 5.2, metronomu inasema 104. Sasa nani?

Dogo_Barani · Alhamisi, saa 5 na dakika 12 usiku

Labda metronomu ya simu ndiyo mbovu.

Waya_Uchi · Ijumaa, saa 1 asubuhi

Inawezekana, ila mimi ningemshuku kanyagio kwanza. Namba ya kioo ni ombi tu. Ndani kuna saketi inayojitahidi kulitimiza, na kwenye vifaa vya bei nafuu joto na uzee wa vipuri vinaisogeza. Simu ina fuwele ya kwatzi, haitelezi kiasi cha kusikika ndani ya dakika moja.

Usihesabu mawimbi 312, utachoka na utakosea. Pima hivi. Shika noti moja ndefu kwenye kinanda, tremolo 5.2, metronomu 104 kwa spika. Subiri mpaka kilele kiangukie juu ya mlio kabisa, washa saa. Kitahama, kitahama, mpaka kilele kingine kiangukie juu ya mlio. Zima saa. Kama ni sekunde T, kosa ni 1 kugawa kwa T, kwa hezi. Wakati huo huo sikiliza: kilele kinahama kuja baada ya mlio, au kabla yake? Kikichelewa, kanyagio ni zito. Kikitangulia, ni jepesi.

Mkinanda_wa_Langoni · Ijumaa, saa 10 jioni

Nimepima mara nne. Sekunde 58, 61, 60, 61. Kinachelewa.

Waya_Uchi · Ijumaa, saa 10 na dakika 20 jioni

Chukua 60. Moja kugawa kwa 60 ni 0.0167. Kwa hiyo 5.2 yako ni 5.183 hasa. Igeuze iwe tempo ya mguu: mara 60 kugawa kwa 3, yaani mara 20, unapata 103.67. Kioo hakiwezi kuandika 5.183 wala 5.217 ya kufidia, basi msogeze yule anayeweza kusogea. Metronomu nyingi za simu zinakubali desimali. Weka 103.7 kwa dumbaki. Kitakachobaki ni mteremko wa mpigo 0.03 kwa dakika, chakacha yenu itakwisha kabla hamjausikia.

Pima tena usiku chumba kikipoa. Kama namba imebadilika, ndio ujue ni joto.

Mwalimu_Fidla · Ijumaa, saa 12 jioni

103.7! Kijiti changu cha mbao kingelia.

Bi_Zamu · Jumamosi, saa 4 asubuhi

Mimi nina swali la kijinga. Huyo dumbaki anapiga kwa metronomu sikioni harusini, watu wanapiga vigelegele, bibi harusi anaingia. Hakika anakaa kwenye 103.7?

Mkinanda_wa_Langoni · Jumapili, saa 8 mchana

Bi Zamu, ungekuwepo jana usiku. Mwanzo ilikuwa raha, tremolo na chapuo kitu kimoja, mpaka shangazi mmoja akaja mbele akaanza kukata kiuno, wenzake wakamfuata, na dumbaki akang'oa kile kidude cha sikioni akakitia mfukoni. Nikamwambia kijana wetu wa kurekodi agonge tempo kwenye simu yake. Ilikuwa 110 na bado inapanda.

Nikainama nikaweka 5.5. Mpaka nimeinuka walikuwa 114.

Dogo_Barani · Jumapili, saa 8 na dakika 10 mchana

5.7

Waya_Uchi · Jumapili, saa 9 alasiri

Angalia nyuma ya kanyagio, kama kuna tundu dogo limeandikwa `TAP`. Likiwepo, nunua swichi ya mguu ya kawaida, uwe unagonga pamoja na vumi, namba za kioo uzisahau. Lisipokuwepo sijui nikwambie nini, pengine kuzima tremolo shangazi akifika mbele.

Mkinanda_wa_Langoni · Jumapili, saa 9 na dakika 40 alasiri

Kuna tundu, limeandikwa `EXP`. Ndilo?

Waya_Uchi · Jumapili, saa 9 na dakika 45 alasiri

Silo, hilo ni la kanyagio la kuongeza na kupunguza. Lakini huenda linaruhusu kuvuta kasi kwa mguu huku unasikiliza. Weka picha ya nyuma yake na ya kitabu kilichokuja nalo.

Dogo_Barani · Jumapili, saa 11 jioni

Bi Zamu, nimechukua kilele cha kwanza cha kila jozi kama ulivyosema. 12. Mkononi 12. Ila nimempima babu, jozi zake hazifanani, pengo moja refu, jingine fupi, hakuna mpangilio, na kwa sekunde 10 napata 11, mara ya pili 15.

Bi_Zamu · Jumapili, saa 11 na dakika 4 jioni

Mhesabu dakika nzima, kwa kidole, akiwa amekaa ametulia. Kisha kesho asubuhi umpeleke kliniki wampime kwa mashine, na namba yako uende nayo kwenye karatasi. Akiwa anasikia kizunguzungu, kifua kinabana au pumzi inampaa, msingoje kesho.

Dogo_Barani · Jumapili, saa 11 na dakika 15 jioni

Dakika nzima ni 81. Anasema hasikii chochote, na ananiuliza chai iko wapi. Tunakwenda kesho na mama.